Mguu Unaowaka Bila Kuwa Mwekundu: Namna ya Kuikagua Ngozi Nyeusi

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na upepo wa vumbi kama tunavyoujua Dodoma. Mama mmoja mkulima wa zabibu, mtu wa Hombolo, aliingia zahanati anachechemea. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa anaziba uzio wa miiba ya migunga ili mbuzi wasiingie kwenye mizabibu, mwiba ukamchana juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kimeshakauka. Aliniambia, "Mwanangu, mguu huu mzito, na usiku unawaka." Ni mama mweusi hasa, miaka hamsini na kitu. Niliutazama mguu chini ya taa, sikuona wekundu, nikaandika kwenye daftari lake maneno mawili: "Hakuna wekundu." Nikampa parasetamo nikamwambia apumzike.

Siku mbili baadaye aliletwa na bodaboda, amejifunika blanketi, joto la mwili 39.1, mguu umevimba mpaka chini ya goti. Yalikuwa maambukizi ya ngozi na nyama iliyo chini yake, yale tunayoyaita selulaitisi. Dalili zake zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa natafuta ishara moja ambayo ngozi ile isingenionyesha, na ishara tatu nyingine sikuzigusa.

Mwongozo huu unahusu hizo tatu. Nimeuandika kwa ajili ya mtu yeyote anayemkagua mgonjwa nyumbani: mama anayeangalia mguu wa baba yake, binti anayemuuguza bibi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kaya kwa kaya. Nimeshika mfano mmoja, mguu uliopata maambukizi, kwa sababu ndio unaokosewa zaidi na ndio unaoumiza ukicheleweshwa.

Kwa nini wekundu haujitokezi

Tangu karne ya kwanza, Mrumi aitwaye Celsus alipoandika juu ya tiba, wanafunzi wa udaktari wamefundishwa ishara nne za sehemu ya mwili inayowaka: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wekundu hutajwa kwanza, na kwa ngozi nyeupe hilo halina shida, maana ndio unaogonga jicho kabla ya kitu kingine.

Wekundu huo ni damu. Mahali panapopambana na vijidudu, mishipa midogo ya damu hutanuka ili damu nyingi ifike. Mishipa hiyo iko kwenye tabaka la chini la ngozi. Rangi yetu, melanini, iko tabaka la juu yake. Idadi ya seli zinazotengeneza melanini ni karibu sawa kwa watu wote. Tofauti ni wingi wa melanini zinayotengeneza, ukubwa wa chembe zake na namna zinavyosambaa. Melanini hunyonya mwanga. Kwa hiyo mwanga uliopaswa kwenda mpaka kwenye damu na kurudi na rangi nyekundu unaishia njiani.

Chukua kaa la moto uliweke nyuma ya kanga nyepesi, utaona wekundu wake. Liweke nyuma ya blanketi zito, rangi huioni, lakini sogeza mkono uone. Moto ni uleule. Basi ndivyo ilivyo: kwa ngozi nyeusi ishara ya kwanza kati ya zile nne hufunikwa, na kazi inabaki kwa mkono.

Anza na mwanga na ngozi safi

Mtoe mgonjwa chini ya taa. Taa ya njano ndani ya nyumba huficha hata ile tofauti ndogo ya rangi iliyopo, na tochi ya simu ikimulika moja kwa moja huifanya ngozi ing'ae tu. Mahali pazuri ni karibu na mlango au dirisha mchana, au kibarazani penye kivuli. Jua kali la saa saba nalo si zuri, lina mng'ao mwingi, tena linaipasha ngozi joto na kukuharibia kipimo cha mkono kinachofuata.

Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya moto, kisha kausha taratibu bila kusugua. Kipupwe huku kwetu ngozi hupauka, watu hujipaka mafuta mengi, na miguu iliyopakwa mafuta yote hung'aa sawa. Mng'ao ni moja ya vitu utakavyovitafuta, kwa hiyo usiruhusu mafuta yakudanganye.

Hapa kuna jambo naliomba sana. Kama mguu bado haujaonwa na mhudumu, msipake ile dawa ya zambarau, jivii, wala majivu, wala unga wa mkaa, wala dawa ya meno. Sisemi hivi kwa kudharau mkono wa bibi. Nasema kwa sababu rangi ile ikishakaa, hata mimi niliyesomea sitaona ngozi ilikuwaje chini yake, na jivii haitoki kwa siku kadhaa.

Fichua miguu yote miwili mpaka juu ya magoti. Yote miwili, hata kama mmoja hauna neno. Mguu mzima ndio kipimo chako. Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia ngozi ya mama yako inapaswa kuwa na rangi gani, ila mguu wake wa pili utakuambia.

Muulize mwenye ngozi, halafu tazama

Swali ni fupi: "Ngozi yako hapa imebadilika? Siku zote ndivyo ilivyo?" Mtu anayejipaka mafuta kila asubuhi anaijua ngozi yake kuliko mgeni yeyote. Yule mama wa Hombolo aliniambia baadaye kwamba siku ile ya kwanza aliona mguu "umekuwa kama zambarau iliyoiva," akadhani mimi nimeona. Sikumuuliza, naye hakusema, kwani mgonjwa hatarajii kumfundisha nesi.

Neno lake lilikuwa sahihi kabisa. Kwa mtu wa maji ya kunde, mahali panapowaka huweza kuwa na kahawia yenye wekundu kwa mbali. Kwa mtu mweusi zaidi, pale pale patakuwa na rangi ya zambarau, au kijivu kilichokolea, au weusi uliozidi weusi wa jirani yake. Na kwa baadhi ya watu hakuna tofauti ya rangi hata kidogo siku za mwanzo. Kwa hiyo usijiulize "pana wekundu?" Jiulize "pana mahali palipoachana na penzake?"

Baada ya rangi tazama uso wa ngozi, kwa kuinama na kuangalia kutoka pembeni. Ngozi ya kawaida ya mguu ina vimistari vidogo, kama ramani ya njia za mbuzi. Ikivimba, vimistari hivyo hufutika, ngozi inavutika na kung'aa kama ganda la biringanya. Mara nyingine vitundu vya vinyweleo huonekana vimezama, ngozi ikawa na sura ya ganda la chungwa. Mfupa wa kifundo, ule unaochomoza pembeni, nao huanza kupotea. Linganisha vifundo viwili: kama kimoja kinaonekana na kingine kimemezwa, hiyo ni habari.

Sasa tumia mkono

Hapa usiharakishe. Kwanza, miguu yote miwili ikae wazi kwenye hewa ileile kama dakika kumi. Isiwe mmoja ulikuwa ndani ya blanketi na mwingine nje, au mmoja upande wa jiko. Nimeshaona mtu akipeleka mgonjwa hospitali kwa "joto la mguu" kumbe mguu ule ndio uliokuwa unaota moto.

Tumia mgongo wa vidole vyako. Kiganja cha mtu anayelima au kufua kina sugu, na hata kisipokuwa nazo, mgongo wa vidole huhisi tofauti ya joto vizuri zaidi. Anza na mguu mzima, kuanzia pajani, shuka polepole mpaka goti, ugoko, kifundo, juu ya wayo. Utahisi kwamba kadiri unavyoshuka ngozi inapoa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu mzima wa afya, na asubuhi za mwezi wa saba tofauti huwa kubwa. Halafu rudia mguu wenye shaka kwa njia ileile. Ukifika mahali ambapo ngozi, badala ya kuendelea kupoa, inapanda joto, simama. Rudi juu, shuka tena. Kama inajirudia mahali palepale, umeuona wekundu kwa vidole.

Baada ya joto, uvimbe. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, kwa nguvu ya wastani, hesabu moja mpaka tano, achia. Ikibaki shimo, kuna maji yamejaa chini ya ngozi. Kisha pima. Chukua futi ya fundi cherehani, tafuta ukingo wa chini wa pia ya goti, shuka sentimita 10, weka alama, pima mzunguko wa mguu hapo. Fanya hivyohivyo mguu wa pili, kwa kipimo kilekile cha sentimita 10, kwani ukipima mmoja juu na mwingine chini utapata tofauti ya uongo. Yule mama alipoletwa mara ya pili, kushoto palikuwa na sentimita 36 na kulia 33. Sentimita tatu hazionekani kirahisi kwa macho kwa mtu aliyelala kitandani, lakini futi haina huruma.

Miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa, bila joto, mara nyingi tatizo si maambukizi ya ngozi. Huenda ni moyo, figo au mishipa, na hilo linahitaji uchunguzi wa aina nyingine. Maambukizi haya kwa kawaida hushika mguu mmoja. Nao mguu mmoja uliovimba shavu lake na kuuma, hasa kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mjamzito au aliyetoka kujifungua, huweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani. Hutaweza kutofautisha hayo mawili nyumbani, na huna haja. Yote mawili ni ya kupeleka siku hiyohiyo. Msiukande wala kuuchua mguu wa namna hiyo.

Mwisho, maumivu. Usianze kugusa katikati ya kidonda, maana mgonjwa atastuka na baada ya hapo ataogopa kila kidole. Anza mbali, kwenye ngozi nzima, ukisogea ndani nusu inchi kwa nusu inchi, macho yako yakiwa usoni kwake. Mahali atakapokunja uso ndipo penye mpaka. Fanya hivyo kutoka juu, chini na pande mbili. Mara nyingi mpaka wa maumivu na mpaka wa joto hukaribiana, na kwa ngozi nyeusi huo ndio mpaka wa ugonjwa, hata kama jicho halioni mstari wowote.

Joto, uvimbe, maumivu. Zikiwa zote tatu kwenye mguu mmoja, mgonjwa aende kituo cha afya leo, hata kama hakuna homa na hata kama mtu atakuambia "mbona si mwekundu."

Weka alama ya mpaka

Kwa ngozi nyeupe wahudumu huchora mstari wa kalamu kuzunguka wekundu, kesho wakaangalia kama umevuka. Nilijaribu biki ya bluu kwenye ngozi ya watu wetu: asubuhi huoni kitu. Chaki hufutika kwenye shuka. Ninachofanya sasa ni kukata vipande vidogo vya plasta nyeupe, upana wa ukucha, nikavibandika nje kidogo ya mpaka wa maumivu, sehemu nne au tano, na juu ya kila kimoja nikaandika tarehe na saa. Vibandike kwenye ngozi nzima, kamwe si juu ya iliyovimba, kwani ngozi iliyovutika huchubuka plasta inapotolewa.

Alama hizi ni za kwenda nazo kwa daktari na za kufuatilia baada ya dawa kuanza. Si ruhusa ya kukaa nyumbani kungoja kesho.

Dawa ikishaanza, soma alama kwa subira kidogo. Siku ya kwanza eneo linaweza kutanuka kupita plasta ingawa dawa imeshaanza kufanya kazi, na hilo peke yake lisiwatishe. Baada ya siku mbili mpaka tatu ndipo mnataka kuona homa imeshuka, maumivu yamepungua, na ngozi imeanza kulegea na kukunjamana. Kama baada ya siku mbili kamili za dawa maumivu yanazidi, homa ipo palepale na eneo linaendelea kupanda, rudini. Huenda kuna usaha ndani unaotakiwa kutolewa, au dawa ibadilishwe.

Tafuta mlango

Vijidudu vimeingia mahali. Kwa yule mama sote tulishika mwiba, lakini nilipotenganisha vidole vyake vya mguu nilikuta katikati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi nyeupe iliyolowa na kupasuka. Fangasi. Mkulima anayemwagilia mizabibu anashinda na miguu iliyolowa ndani ya mabuti ya mpira, halafu vumbi. Visigino navyo vilikuwa na magaga yaliyopasuka mpaka nyama. Mwiba ungekuwa umepona, milango hii miwili ingebaki wazi, na maambukizi haya yana tabia ya kurudi kwenye mguu uleule.

Kwa hiyo tenganisha kila kidole, geuza wayo, angalia visigino. Pia gusa kinena cha upande huo, au mwambie mgonjwa mwenyewe aguse: kama kuna mtoki unaouma, hiyo ni ishara nyingine kwamba mwili unapambana, na haitegemei rangi ya ngozi.

Picha ya simu

Mara nyingi ndugu yuko Bahi au Kongwa, daktari anayemfahamu yuko mjini, wanatumiana picha. Picha inasaidia ikipigwa vizuri. Zima mwanga wa kamera. Zima kile kinachong'arisha sura, maana simu nyingi hulainisha na kupausha ngozi bila kuuliza. Usimlaze mgonjwa kwenye shuka jeupe: kamera huona weupe mwingi ikapunguza mwanga, na mguu mweusi unatoka kama gogo lisilo na kitu. Tandika kanga yenye rangi ya wastani, gusa ngozi kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo, piga miguu yote miwili pamoja kwanza, kisha karibu, kisha kutoka pembeni ili uvimbe uonekane. Na andika chini ya picha kile ambacho kamera haiwezi kupiga: joto liko wapi, maumivu yanaanzia wapi, sentimita ngapi kushoto na ngapi kulia.

Ikiwa ni vipele

Kanuni ya kaa na blanketi inafaa pia kwa vipele vya mwili mzima, hasa kwa watoto. Vitabu vinasema surua huleta vipele vyekundu. Kwa mtoto mweusi vipele hivyo huwa na rangi ya ngozi yenyewe au vimekolea kidogo, na mama huvihisi kwanza kwa kiganja anapomwogesha: uso na shingo vimekuwa na chengachenga. Mulika tochi kutoka pembeni, siyo usoni, uone vivuli vya vipele. Kisha angalia yale ambayo melanini haifuniki: macho yamekuwa mekundu na yanatoa machozi? Ana homa, kikohozi na mafua? Vilianzia nyuma ya masikio na usoni vikashuka? Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituoni, na mseme mapema mlangoni ili asikae foleni na watoto wengine.

Kuna vipele vya hatari zaidi, madoadoa ya damu iliyovuja chini ya ngozi, ambayo ukiyabonyeza kwa gilasi safi hayapotei. Kwenye ngozi nyeusi sana kipimo cha gilasi ni kigumu kusoma. Nenda sehemu zenye melanini kidogo: viganja, nyayo, upande wa ndani wa kope la chini, na kaakaa la mdomo. Mtoto au mtu mzima mwenye homa na madoadoa ya namna hiyo, shingo imekakamaa au amelegea, ni wa kukimbizwa hospitali.

Usiku huohuo, usingoje kuche

Kuna maambukizi yanayokula nyama ya ndani kwa kasi, na juu ya ngozi huonekana kidogo sana, kwa ngozi nyeusi kidogo zaidi. Ishara yake kubwa ni maumivu yasiyolingana na unachokiona: mtu analia kwa mguu ambao kwa macho hauna cha kuliza. Nyingine ni ngozi kuwa ngumu kama mbao, malengelenge yenye maji meusi au ya damu, mchakacho kama wa karatasi unapobonyeza, au mahali palipokuwa panauma sana kufa ganzi ghafla. Mgonjwa kuchanganyikiwa, kuhema haraka au mikono kuwa ya baridi huku ana homa, ni hivyohivyo. Hapo tafuteni usafiri muda huohuo wa kwenda hospitali yenye upasuaji, maana tiba yake ni kisu pamoja na dawa. Mtu mwenye kisukari, mtoto mchanga, na uvimbe ulio karibu na jicho, nao wasingoje asubuhi.

Weusi unaobaki

Yule mama alitibiwa kwa antibayotiki alizochaguliwa na daktari, akamaliza zote. Nyumbani aliambiwa alaze mguu juu ya mito miwili, kisigino kiwe juu kuliko moyo, na asiukande kwa maji ya moto. Fangasi ya vidole ilipakwa dawa yake, na ikaendelea kupakwa hata baada ya mguu kupona.

Siku ya kumi binti yake alikuja peke yake, uso umemshuka. "Dada, mguu wa mama bado. Umezidi kuwa mweusi, na ngozi inabanduka." Alikuwa tayari ameshaenda dukani kuulizia dawa nyingine ya kumeza na krimu ya kung'arisha.

Hili ni kosa la upande wa pili, na nalikuta mara nyingi kama lile la kwangu. Ngozi nyeusi ikishawaka huacha rangi. Melanini iliyochochewa na ugonjwa humwagika na kukaa pale, doa jeusi likabaki wiki nyingi au miezi baada ya ugonjwa kuisha. Kwa ngozi nyeupe wekundu ukifutika mtu anajua amepona. Kwetu, ugonjwa unapoanza rangi haionekani, na unapokwisha rangi ndiyo inaonekana zaidi. Ukifuata rangi utachelewa mwanzoni na utaendelea kutibu mwishoni.

Tulirudi pamoja mpaka nyumbani kwao. Miguu yote miwili nje kwa dakika kumi, mgongo wa vidole kutoka pajani kushuka: ilipoa sawasawa, kushoto na kulia. Kidole gumba hakikuacha shimo. Nilisogea kutoka nje kuingia ndani mpaka katikati ya doa, na mama akawa ananitazama tu, hakukunja uso. Futi ilisoma 33 na nusu kwa 33. Vimistari vya ngozi vilikuwa vimerudi, na mikunjo midogo pale ngozi ilipolegea na kubanduka.

Nilimwambia binti aachane na ile krimu. Krimu nyingi za kung'arisha, na mkorogo wa dukani, zina steroidi kali au kemikali zinazoidhoofisha ngozi, na ngozi dhaifu ni mlango mwingine. Mafuta ya kawaida ya mgando, mara mbili kwa siku, na suruali au kanga ndefu akiwa juani, vilitosha. Mvua za kwanza zilipoanza mwezi wa kumi na mbili nilimkuta mnadani. Alivuta kanga juu kidogo ya kifundo akanionyesha: doa lilikuwa limefifia likabaki kivuli tu, ukubwa wa jani la mzabibu. Nikaligusa kwa mgongo wa vidole, halafu nikagusa mguu wa pili.